Mstari wa Darajani

Mwaka wa hamsini na nane bodi ya leseni ilidai ratiba ya mabasi yetu mawili. Mume wangu Joram, mwenye mabasi, akanitupia karatasi ya dereva mkuu wetu, Kipkosgei. "Mama Wanjuhi, itengeneze. Kesho naipeleka."

Karatasi yenyewe ilikuwa vurugu tupu: "Natoka Sigor saa kumi na mbili, watu wa kuku wakichelewa nangoja, Bomet ni saa moja, ile ya mchana inaanzia Bomet saa nane..." Nikaipenda na kuilaani kwa pamoja.

Nikapiga mistari. Vituo nikavishusha upande wa kushoto: Sigor, Bomet, Sotik, Litein, Kericho. Juu, safu mbili, basi la asubuhi na la mchana. Saa zake nikazigeuza za Kizungu. La mchana haligusi Sigor, kwa hiyo hapo nikaweka kistari.

Kisha nikaona jambo. Mchana, Sotik 3.00, Litein 3.50. Asubuhi, Sotik 8.00, Litein 9.10. Barabara ni ile ile, lakini dakika ishirini zimeyeyuka.

Joram alipoona akawaka. "Ananilalia njiani! Bodi ikiuliza nitasema nini? Andika 8.50. Asipofika saa hiyo, kazi hana."

Kipkosgei akaitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ni kweli, mzee, nangoja. Hapo darajani, kati ya Sotik na Litein. Kuna mama Cherotich, anabeba msichana wake mgonjwa wa kifua. Anadungwa sindano kila siku Kericho. Wanatoka mbali, na mtoto ni mzito. Nikiwaacha, gari ya mchana inafika saa kumi na moja, daktari ameenda."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili. Dawa bado miezi minne."

Namjua mume wangu: ana hasira, lakini roho si mbaya. Tatizo ni kwamba aliiogopa bodi. Mkaguzi akisimama Litein na saa yake, basi likachelewa, leseni imekwenda.

"Baba Wanjuhi," nikasema, "mkaguzi haulizi kwa nini. Anauliza kilichoandikwa."

Nikachukua karatasi mpya. Kati ya Sotik na Litein nikaongeza mstari: Darajani. Asubuhi, kuondoka 8.45. Mchana, kistari. Litein nikaiacha 9.10, Kericho 10.20.

"Sasa akiondoka kabla ya 8.45," nikamwambia, "ndipo atakuwa amevunja sheria."

Kipkosgei aligeuza uso. Nilimwona akipangusa macho kwa kofia.

Joram aliisoma kwa kidole, akatia sahihi. Halafu akavuta ratiba ya kurudi niliyokuwa nimeichora pia, Kericho hadi Sigor, akapitisha kidole kutoka Litein hadi Sotik.

"Hii nayo haijakamilika," akasema, akinirudishia kalamu. "Mtoto atashukia wapi?"