Makuti Mapya ya Nyumba ya Nyuma

Sikujiuliza makuti yale yalinunuliwa na nani. Yalikuwa yamerundikwa kando ya nyumba ndogo ya nyuma siku tulipokagua kiwanja cha Msambweni ambacho benki ilikuwa inakipiga mnada, nami nikayapita.

Mengine tuliyachunguza. Katika ofisi ya ardhi ya Kwale, upekuzi rasmi ulionyesha hati ya Nzai, mwenye kiwanja, rehani moja ya benki, wala hapakuwa na zuio la mdai mwingine. Kwenye bajeti tuliingiza malimbikizo ya kodi ya kaunti, ushuru wa stempu, wakili, na paa bovu la nyumba ya mbele. Nyumba ya nyuma tuliiweka upande wa mapato: tungeibomoa, tujenge vyumba vya kupangisha, navyo vilipe mkopo wa kumalizia bei. Kiinua mgongo cha mume wangu Absalom, aliyepika hotelini Diani hadi kustaafu, kilitosha robo tu ya bei, ile inayolipwa papo hapo nyundo ikigonga. Tukishindwa kulipa salio kwa siku tisini, robo hiyo ingepotea.

Asubuhi ya mnada, pale pale kiwanjani, fundi alikuwa juu ya nyumba ya nyuma akiyaezeka makuti. Nilishtuka. Nzai ameshindwa kulipa benki, atamwezekea nani?

"Shikamoo, Bi Twaiba," nilimwamkia mama aliyekuwa mlangoni, ambaye tangu siku ya ukaguzi tulimdhani mpangaji wa Nzai.

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi huyu ameletwa na Nzai?"

Alicheka. "Nzai! Huyo hata msumari hajaniletea. Nyumba aliijenga marehemu mume wangu. Nzai ana ardhi yake, namlipa kila mwezi kwa kukaa juu yake. Ndivyo tulivyo huku, nyumba ya huyu, ardhi ya yule. Huo mkopo wake wa benki mimi sikuutilia sahihi."

"Gillian!" Absalom aliita. "Kuja, jamaa keshaanza!"

Dalali, Hesbon, alikuwa amekwisha kutajiwa milioni mbili. Absalom akainua mkono. Niliushika, nikaushusha mbele ya watu.

"Umerogwa?" alininong'oneza. "Tutaikosa!"

"Ya nyuma si ya Nzai. Vyumba hatuna. Kodi ya wapangaji itoe kwenye hesabu."

"Milioni mbili na laki mbili!" mtu alipaza sauti.

Nikauliza kwa nguvu, "Bwana dalali, nyumba ya nyuma inauzwa?"

"Kiwanja kinauzwa kama kilivyo, mama. Mnunuzi ajionee."

Vichwa viligeuka kumtazama fundi. Lakini bei ya yule wa laki mbili ilikwisha kutajwa, na bila kodi ya vyumba ilikuwa juu ya uwezo wetu. Mkono wa Absalom ulikuwa bado ndani ya wangu.

"Mara ya kwanza... ya pili..."

Hakuuinua. Nyundo ikagonga.

Mshindi alimshtaki Bi Twaiba ili ahame, na kesi ingali mahakamani. Sisi tumepanga vyumba viwili Ukunda. Kiinua mgongo bado kiko benki, na kila kiwanja tunachokwenda kutazama sasa, Absalom ndiye anayebisha hodi kwanza kwa wanaokaa nyuma.