Kilemba Juu ya Masikio

"Anti, nifunike masikio kabisa," Morounkeji aliniambia nikimfunga kilemba, asubuhi ya harusi ya mdogo wake wa kike hapa Ibadan. Nikagusa ndewe ya sikio lake. Ina uvimbe mgumu kama punje ya maharage.

"Unawasha?"

"Sana, tangu nitoboe tundu la pili. Kuna mtu atanikatia wiki ijayo."

"Thubutu! Mimi nilikatwa tu hivyohivyo, kovu likarudi kubwa zaidi. Mara ya pili daktari alikata, akanichoma sindano za kovu, na hadi leo navaa vibanio vya sikioni vya kuligandamiza. Lako bado dogo, huenda sindano zikatosha. Na usitoboe tena popote!"

"Sawa, lakini leo yafunike. Watanicheka."

"Wakucheke, kwani umeiba?"

"Mbona na wewe umeyafunika yako?"

Mtoto mjeuri huyu! Nikafungua kilemba changu, nikakipandisha, vibanio nje. Chake nacho nikakifunga juu.

Kabla wali haujapakuliwa, shangazi watatu wa bwana harusi walishanivuta pembeni, vilemba vimewafunika masikio hadi mashavuni, wakininong'oneza: "Huyo daktari wako yuko wapi?"