Cheti Chenye Jina la Mama

Mteja alipoomba kuona cheti cha usafi, mwenye mgahawa alimwonyesha cha ukutani, chenye jina la marehemu mama yake.

“Hiki kimeisha muda, dada.”

Alijua. Bwana afya alishakagua jiko, maji, choo na vipimo vya wapishi, akamweleza kuwa cheti hakirithiwi: mmiliki mpya huomba chake, na kila mwaka hukaguliwa upya. Kipya kilikuwa kwenye droo. Alikosa tu moyo wa kukishusha cha mama, aliyekipangusa kila asubuhi akisema, “Mteja asione haya kuuliza.”

Alifungua droo, akapanda kiti, akakishusha cha mama, akakitundika kipya.

“Nishikie hiki, kaka,” alisema, akimpa cha mama kwa mikono miwili. “Taratibu.”