Picha za Marudio

Hospitali nzima walimwita Mama Usipumue, naye hakuchukia. Miaka yote ya kusimama nyuma ya kioo akipaza sauti, "Vuta pumzi! Usipumue!", halafu picha ikishatoka, "Haya, pumua," ilikuwa imelimeza jina lake la kuzaliwa.

Asubuhi hiyo bibi aliingia chumba cha eksirei na mjukuu wake mikononi, amemfunga shali mpaka kidevuni.

"Nimewaletea mume wangu," alisema. "Ameoga, amenyonya, amenuna. Mkimrembulia macho nitawashitaki."

"Mume gani huyu hana hata jino?"

"Ndiyo maana hanijibu."

Sista wa wodi ya watoto alicheka. Mama Usipumue naye alicheka, ingawa alikuwa ameshaliona jina la mtoto kwenye orodha ya siku.

Wiki mbili nyuma mtoto huyu wa miezi minne aliletwa na wazazi wake, kifundo cha mguu kimevimba. Walisema mguu ulinasa kwenye kitanda chake. Daktari hakuridhika. Mtoto wa umri ule hatembei, hatambai, hata kujigeuza bado anajifunza, atajivunja vipi? Akaagiza mifupa yote ipigwe picha. Hazikuwa picha za haraka haraka, mtoto mzima kwenye bamba moja la picha, maana hapo mambo madogo hupotea. Kila kiungo kilipigwa peke yake: kichwa, kifua kwa mbele na kwa mshazari, mgongo, kila mkono, kila mguu, viganja na nyayo. Sista ndiye aliyemshika, si ndugu.

Kilichoonekana kilikuwa kimoja tu. Juu kidogo ya kifundo, pembeni mwa mfupa wa muundi, kipande chembamba kilikuwa kimebanduka. Mfupa wa mtoto mchanga hubanduka hivyo mguu ukivutwa kwa nguvu au ukisokotwa. Damu ilipimwa, mifupa haikuwa na ugonjwa. Lakini kimoja ni kimoja, na wazazi walikuwa na maelezo yao. Kikao cha madaktari na watu wa ustawi wa jamii kikaamua: mtoto akae kwa bibi mzaa mama mpaka picha za marudio, wazazi wamwone mbele ya bibi.

"Kwa yule bibi?" Mama Usipumue alimwambia afisa ustawi wa jamii siku ile. "Mimi ningempa hata wangu watatu, nipate kulala."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya marudio. Picha zikiwa safi, mtoto angerudi nyumbani kwao. Bibi alilijua hilo. Alikuwa amekuja na mkoba wa nguo za mtoto, tayari.

"Toka kidogo, mama," Mama Usipumue alimwambia.

"Nitamwimbia mlangoni, asije akadhani nimemuuza."

Sista alianza kumvua mtoto. Alipofika kwenye mkono wa kushoto, mtoto alipiga kelele kali, kisha akanyamaza ghafla, macho wazi. Sista akauacha ule mkono. Mama Usipumue akavaa aproni nzito ya risasi, ya kuzuia miale.

Kwenye marudio kichwa hakipigwi tena. Walianza na kifua. Walipofika kwenye mkono wa kushoto walimsogeza mtoto pamoja na shuka lake, taratibu, kama watu wanaobeba maji kwenye sahani. Nje, bibi alikuwa akiimba, anakosea maneno, anacheka mwenyewe, anaanza upya.

Daktari wa picha alikaa mbele ya kompyuta bila kuegemea kiti. Afisa ustawi alisimama nyuma yake, mkoba bado begani.

"Hizi mbavu," daktari alisema. "Nyuma, karibu na uti wa mgongo. Unaona vifundo? Moja, mbili, tatu, na huku nne. Huo ni mfupa mpya, mwili unajiunga. Mara ya kwanza zilikuwa zimevunjika tayari, lakini mbichi, hazijasogea, picha haikuzinasa. Ndiyo maana tunarudia."

"Amevunjikaje huko nyuma?" afisa aliuliza.

Daktari aliinua viganja vyake viwili, akavikutanisha hewani kana kwamba ameshika kitu cha ukubwa wa mkate, akaminya. Afisa alitazama pembeni.

"Kwa hiyo ni ya zamani. Ni ya kwa wazazi."

"Mbavu, ndiyo, ni za kabla hajaenda kwa bibi. Subiri."

Mama Usipumue, aliyesimama kando yao, aliijua picha inayofuata, ameipiga mwenyewe. Mfupa wa mkono wa juu, mstari wa mshazari katikati, kingo zake kali kama karatasi iliyochanwa sasa hivi. Kandokando yake hakuna hata kivuli cha mfupa mpya.

"Huu mara ya kwanza ulikuwa mzima," daktari alisema. "Ungekuwa umevunjika wakati ule na kujificha, leo ungekuwa umeshaanza kujenga. Haujajenga. Umevunjika baadaye."

"Akiwa kwa bibi," afisa alisema polepole. Yeye ndiye aliyependekeza kwa bibi. "Siku gani?"

"Sina siku."

"Daktari, polisi wataniuliza siku."

"Waambie mfupa si saa. Chini ya siku kumi hivi, pengine. Jana, au wiki iliyopita. Zaidi ya hapo nitakuwa nabuni."

Wakamwita bibi. Aliingia na mkoba wa nguo. Daktari alimweleza kwa maneno mepesi, na bibi alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa, kama anayepewa maelekezo ya dawa.

"Nani alikuwa naye wiki hii, mama?" afisa aliuliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mama yake anakuja kila siku. Ananyonyesha, nimzuie? Baba yake anakuja jioni. Kaka yake mama yake anaishi kwangu, mtoto akilia usiku anambeba." Akasita. "Nilikuwa nawaona. Ila naenda kuoga. Nalala. Mimi ni mtu, jamani."

"Siku gani ulianza kuona mkono unamsumbua?"

"Alilia nikimvalisha. Analia kila nikimvalisha! Nilidhani hapendi shati." Alimtazama Mama Usipumue. "Mwanangu, wewe ndiye umepiga. Hiyo picha haionyeshi nani?"

"Haionyeshi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Afisa alisema mtoto atalala wodini, mkono utafungwa, kisha atatafutiwa pa kukaa, nje ya familia. Bibi aliuliza nje kwa nani. Afisa alisema bado hajui. Bibi akanyoosha mikono kumchukua mtoto, na ikabidi Mama Usipumue asimame kati yake na kitanda alicholazwa mtoto.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Samahani."

Bibi aliishusha mikono. Hakugomba. Alimpa sista mkoba wa nguo, akaanza kumweleza: kofia ya bluu inambana, asivalishwe, akikataa kulala apigwepigwe mgongoni, hapa, katikati. Akagusa hapo mgongoni mwa sista kumwonyesha. Mkono wake ukabaki palepale kwenye gauni jeupe.

"Au basi," alisema. "Msimpigepige."

Sista alimtoa mtoto akiwa juu ya shuka. Kilio kilifuata korido, kikapungua.

Foleni ilikuwa imejaa. Mama Usipumue alimwita anayefuata, fundi mmoja mnene mwenye kikohozi, akamsimamisha kifua kwenye bamba, mabega mbele. Akarudi nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Usipumue."

Akabonyeza. Picha ikatokea kwenye kompyuta, mbavu za mtu mzima, zote, mviringo safi, kutoka mgongoni hadi mbele. Akazitazama moja baada ya nyingine.

"Mama," fundi alisema kwa sauti iliyobanwa, mishipa imemsimama shingoni. "Mama, nipumue?"