Mstari wa Karai

Siku ya pili ya maji ya bei poa, Zamoyoni aligundua kuwa karai lake halijai.

Karai hilo alikuwa nalo tangu mumewe yu hai. Ndani yake kulikuwa na mkwaruzo aliouchora mwenyewe kwa msumari: dumu moja la lita ishirini, likimiminwa lote, maji yanagusa mkwaruzo. Shuka tatu kwa karai moja, ndivyo alivyofua mashuka ya gesti miaka tisa. Sasa alimimina dumu lote, akaligonga kitako, na maji yakasimama chini ya mkwaruzo vidole viwili.

"Jana nilipobeba dumu nikaliona jepesi, nikadhani nimepata nguvu uzeeni," alisema peke yake. "Kumbe!"

Alihitaji madumu kumi na mawili kila siku ya kufua. Kwa bei ya siku zote, mia tano dumu, ni elfu sita, na gesti ilimlipa elfu tisa. Ukitoa sabuni na mkaa wa pasi, alibaki na pesa ya mboga. Mwenye gesti alikuwa amemwambia kwa upole, akimpa na kiti akae, kwamba mwezi ukiisha bila yeye kushusha bei, mashuka yataenda kwa wenye mashine. Zamoyoni hakumlaumu. Tegemeo lake lilikuwa bomba.

Bomba kubwa lilikuwa limefika barabara ya juu. Mamlaka ya maji ilisema italishusha hadi kichochoro chao iwapo nyumba kumi zitajiandikisha kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Kila nyumba ingelipa laki tatu na sitini, kidogo kidogo, elfu thelathini kwa mwezi kwa mwaka mmoja, pamoja na bili ya maji yenyewe. Kumi walijiandikisha. Ndipo Kisaka, mwenye boza, lori la kuuzia maji, akajaza tangi lake la pale kona, akaleta madumu yake mwenyewe ya njano, akatangaza: mia mbili tu dumu! Kufikia Ijumaa wanne walikuwa wamefuta majina yao. Zamoyoni naye alikuwa ameshaanza kujiuliza kama afute lake.

 Akaligeuza dumu, akapapasa kitako chake kwa nje. Kitako kilikuwa kimesukumwa ndani kama bakuli, plastiki ikiwa na makunyanzi ya kuungua.

Jioni alimfuata Chilewa, mchota maji wa mkokoteni aliyemletea maji kutoka tangi la Kisaka miaka yote. Siku Zamoyoni alipoumwa malaria, Chilewa ndiye aliyemwachia madumu matatu mlangoni na hakuyataja tena.

"Mdogo wangu, niazime dumu lako moja la zamani. Kesho nalipima na la Kisaka mbele ya watu, kisha nalirudisha."

Chilewa alimwangalia. "Dada, unajua bomba likija mimi nakula wapi?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuomba usoni, sikulichukua tu."

Chilewa alifuta mpini wa mkokoteni kwa kanga kuukuu. Kisha akashusha dumu moja, akaliosha kabla ya kumpa.

Jumamosi saa nne watu walijaa barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mbonde. Kisaka alikuja na kofia mpya na kreti ya soda.

"Mimi sigombani na mtu," alisema. "Nawauliza tu hesabu. Nyumba inatumia madumu sita kwa siku. Mwezi, madumu mia na themanini. Kwangu ni elfu thelathini na sita. Bomba je? Mwenyekiti, sema wewe."

Mzee Mbonde alivaa miwani. "Lita mia na ishirini kwa siku, kwa mwezi ni lita elfu tatu na mia sita. Yuniti moja ni lita elfu, shilingi elfu mbili. Kwa hiyo bili ni elfu saba na mia mbili. Na ile elfu thelathini ya kuunganishwa. Jumla elfu thelathini na saba na mia mbili."

"Mmesikia?" Kisaka alicheka. "Mimi rahisi kwa elfu na mia mbili, na siwakatii maji. Wao Mamlaka wanaleta siku tatu kwa wiki!"

"Kweli wanaleta siku tatu," alisema Mama Nasra, mmoja wa waliofuta majina. "Tutanunuaje pipa la kuhifadhia na hela hatuna?"

Zamoyoni alisimama. 

"Kisaka, hesabu yako ni ya madumu. Mimi nafua. Nahesabu lita."

"Bibi, dumu ni lita ishirini hata mtoto anajua."

"Basi mwite huyo mtoto aje ahesabu." Watu wakacheka. Zamoyoni akachomoa jagi la lita moja, akaweka ndoo na dumu la njano katikati ya baraza. "Hili ni dumu lako, nimelijaza hapo kona asubuhi hii mbele ya Mama Nasra. Au siyo?"

"Ndiyo, hadi shingoni," alisema Mama Nasra.

"Mwenyekiti, naomba umimine wewe."

Mzee Mbonde alimimina, na watu wakahesabu kwa sauti, kwanza kwa mzaha, kisha kwa ukali. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Akalitikisa dumu. Likatoa matone.

"Lita tatu zimeenda wapi?" mtu akapiga kelele nyuma.

"Jagi lako bovu," alisema Kisaka.

"Basi tupime hili kwa jagi hilo hilo." Akaweka dumu la Chilewa. Likahesabiwa mpaka ishirini, likabaki na maji kidogo. Kisha Zamoyoni akageuza dumu la Kisaka, akamwambia Mama Nasra apapase kitako. Mama Nasra alipoondoa mkono, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Limechomwa hili likasukumwa! Kisaka, umetufanya mazuzu?"

"Shilingi mia mbili kwa lita kumi na saba," alisema Mzee Mbonde taratibu, akiandika, "ni karibu shilingi kumi na mbili kwa lita. Lita elfu tatu na mia sita zitataka madumu mia mbili na kumi na mawili. Elfu arobaini na mbili na mia nne."

"Na bomba?" aliuliza Zamoyoni.

"Mwaka huu, pamoja na deni, shilingi kumi na senti kwa lita. Deni likiisha, shilingi mbili."

"Mbili!" watu wakapaza sauti.

"Na wewe Kisaka," alisema Zamoyoni, "bei hii ni mpaka Jumatatu, au siyo? Mia tano ulizokuwa unatuuzia ni shilingi ishirini na tano kwa lita. Hata boza lako ukiuza zima, lita elfu kumi kwa laki na ishirini, ni shilingi kumi na mbili, na nani hapa ana tangi la kuyapokea maji yote hayo? Mimi nitakaa bila maji siku nne za wiki. Nitanunua pipa kwa kufua. Lakini kitako cha dumu lako sitalipia tena."

Kisaka alichukua kofia. Kreti ya soda aliisahau, na hakuna aliyeigusa.

Mama Nasra alikuwa wa kwanza kurudisha jina kwenye daftari. Wa pili, wa tatu. Saa tano na nusu ilikosekana nyumba moja, wakaenda kumwamsha mgonjwa aliyekuwa amefuta, akatia dole gumba akiwa kitandani, na nyumba zikatimia kumi.

Chilewa alikuwa amesimama kando muda wote, mkokoteni mtupu. Zamoyoni alimrudishia dumu lake kwa mikono miwili. 

"Dada," alisema Chilewa, "mtaro wa bomba nani atachimba?"

Zamoyoni aligeuka pale pale. "Mwenyekiti! Andika na hili. Mtaro wa kichochoro chetu anachimba Chilewa, na analipwa kabla ya bomba kufunikwa."

"Bibi, hilo halipo kwenye fomu."

"Basi liandike pembeni."

Mzee Mbonde aliliandika pembeni.