Faili la Nyumba Ishirini na Saba

Jumatatu saa nne asubuhi Marselino alinitumia mafaili mawili yasiyofunguka, kisha akawaandikia wakubwa wote kwamba ushahidi umewasilishwa. Hasira zangu zilianzia hapo na hazijaisha hadi leo.

Mimi naitwa Melania. Nahakiki nyaraka katika ofisi ya msaada wa kisheria hapa Runzewe. Marselino ni mshauri aliyeajiriwa na mgodi mmoja wa dhahabu ulioanza kulipua miamba mwezi Machi mwaka jana. Tangu baruti zianze, nyumba arobaini za kijiji cha jirani zimepata nyufa. Ripoti ya Marselino inasema nyufa hizo zilikuwepo tangu Januari ya mwaka huohuo, yaani kabla ya baruti, na kwamba wanakijiji hawajui kujenga. Kamati ya kata ilikuwa ikae Ijumaa. Bila hoja kutoka kwetu, ripoti ingepita na madai kufungwa, na Epifania, tunayemwita Mama Limi, angebaki kulala na wajukuu wake kando ya ukuta uliopasuka hadi mwanga wa nje unaonekana.

Faili la kwanza lilikuwa la picha za nyumba, limefungwa kwa nywila ambayo hakunipa. La pili lilikuwa kumbukumbu za milipuko. Barua yake ilisema lina ukubwa wa GB moja na nusu. Kilichonifikia hakikufika hata MB mia tatu. Nililipakua mara mbili, nikajaribu kwa programu mbili na kompyuta ya jirani. Jibu lilikuwa lilelile: data zimekatika kabla ya mwisho.

Nikamwandikia kwa adabu. Nilimweleza kwamba faili la picha si bovu, ni zima ila limefungwa, kwa hiyo anipe nywila kwa simu, asiiweke kwenye barua pepe ileile yenye faili, au alitengeneze upya bila nywila. Faili la milipuko lina shida nyingine kabisa, na nywila haitalisaidia. Kila nikilipakua ukubwa ni uleule, maana yake lilikatika wakati yeye analipandisha, si huku kwangu. Nikamwomba afungue nakala iliyo kwenye kompyuta yake. Ikifunguka, ailete upya na asizime mashine kabla haijamaliza, au aigawe vipande vidogo, au aweke kwenye flash na kumpa dereva wa basi. Isipofunguka, arudi kwenye folda halisi na kulifunga upya. Mwisho nikamwambia anitajie ukubwa kamili wa kila faili ili nilinganishe.

Alijibu kwa sentensi mbili. "Kwetu yanafunguka. Tatizo ni kompyuta zenu."

Nikampigia.

"Kaka Marselino, mimi sijasema lolote kuhusu kompyuta. Nimekuomba paswedi."

"Dada, paswedi anayo bosi, na bosi yuko safarini. Mimi nimeshawasilisha. Tarehe ya kupokelewa inaonekana."

"Umewasilisha kitu ambacho hakisomeki."

"Hilo liandike kwenye maoni yako," akasema, akakata simu.

Nilikaa pale nikiwa nimefura. Huyu mtu alikuwa ananifanya mtoto. Alijua fika kwamba kamati huangalia muhuri wa kupokea, haiulizi kama aliyepokea ameweza kusoma.

Basi nikaandika, kama alivyotaka. Alhamisi nilitengeneza taarifa ya kueleza kipi hakifunguki na kwa nini. Kuhusu faili la milipuko sikuwa na mengi, kwa sababu orodha ya yaliyomo kwenye zip, yaani mafaili mengi yaliyofungwa kuwa moja, hukaa mwishoni, na hilo mwisho wake haukufika. Lakini lile la picha lilikuwa na orodha yake kamili. Nywila ya zip ya kawaida huficha yaliyomo ndani ya mafaili, haifichi majina yake wala ukubwa wake. Na kwa ufungaji ule wa zamani alioutumia Marselino, hata ile alama ya CRC hubaki wazi, yaani herufi na tarakimu nane ambazo programu huzikokotoa kutokana na yaliyomo. Faili moja likibadilika kidogo tu, alama nayo hubadilika.

Nilikuwa nanakili orodha hiyo mstari kwa mstari nilipofika nyumba ya ishirini na saba, ya Mama Limi. Picha ya "kabla_Januari" na picha ya "baada_Septemba" zilikuwa na ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho. Nikatazama alama. Zilikuwa zilezile, zote nane. Nikarudi juu, nikaanza upya na rula mkononi. Nyumba kumi na moja zilikuwa hivyo.

Niliipiga meza hadi kikombe kikaruka. Alikuwa amechukua picha moja akaibandika majina mawili.

Ijumaa ofisi ya kata ilijaa. Mama Limi alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha kanisani. "Shikamoo, mama," nikamwambia. "Marahaba, mayu, mwanangu. Umeweza kulala kweli wewe?" Sikuwa nimelala.

Marselino alisema ushahidi wote uliwasilishwa Jumatatu na hakuna pingamizi lolote la maandishi kuhusu picha. Nikasimama. Nikawaeleza kamati nini hakifunguki, nini nilimwomba ajaribu, na alichonijibu. Kisha nikawagawia orodha.

"Sijaziona picha hizi," nikasema. "Lakini kwa alama hizi, kabla na baada ni picha moja. Kama nakosea, afungue tuone."

"Nywila anayo bosi," akasema Marselino.

Mzee Nkwabi, mwenyekiti wa kamati, alivua miwani. "Mpigie sasa hivi. Usipoweza, picha zako naziondoa kwenye ushahidi, na ripoti yako inabaki maneno matupu."

Marselino hakumpigia mtu. Aliivuta kompyuta yake, akaandika kitu kifupi, na faili likafunguka. Siku nne nzima nywila ilikuwa kichwani mwake. Nilitamani kumrushia kiti, Mungu anisamehe.

Picha mbili za nyumba ya ishirini na saba zikatokea ukutani kupitia projekta ya ofisi. Hazikuwa na tofauti yoyote: ufa uleule, kivuli kilekile, kuku yuleyule mlangoni.

"Ni kweli, kuna kosa la kunakili," akasema Marselino akifuta jasho. "Ile ya Septemba ilipotea, tukarudia hii. Lakini hii ndiyo halisi ya Januari. Na ufa mnauona. Ulikuwepo kabla ya baruti."

Alama zangu zilithibitisha kwamba picha ni moja. Hazikuweza kusema ilipigwa lini.

Mama Limi akainuka. Alitembea hadi ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya nyumba yake, akaweka kidole pembeni mwa picha, kwenye rundo la udongo mpya lenye msalaba wa mbao na shada la maua ya plastiki.

"Hili ni kaburi la mume wangu," akasema. Hakupaza sauti. "Tulimzika mwezi wa sita mwaka jana. Padre yupo, muulizeni. Januari unayosema wewe, Baba Limi alikuwa mzima, na ndiye aliyekupa maji ya kunywa ulipokuja kupima kuta zetu."

Akamgeukia Marselino.

"Uliyanywa. Sasa niambie mbele ya hawa watu, Januari ulimwona amekaa wapi?"