Kitambaa cha Aliyemleta

Mwatima alipotoka eda, cherehani yake ilikuwa imejaa vumbi na mlango wake umeshasahaulika. Watu wa mtaani kwake, Ngamiani, hawana subira, jamani! Mtu anataka gauni la harusi ya Ijumaa, atamngoja vipi mjane amalize kumlilia mumewe? Wateja walikwenda kushonesha kwingine, wakazoea huko.

Na kusema kweli, wateja wale walikuwa wa Mselem, mumewe, mchukuzi wa marobota ya katani bandarini. Hakuwa na haya bwana yule! Akikutana na mtu, amjue asimjue, humshika mkono: "Mkeo anashonewa na nani? Mpeleke kwa Mwatima." Sasa Mselem alikuwa kaburini, na hapakuwa na mtu wa kuwaita.

Massoud, kaka yake Mwatima, alivuka kutoka Pemba, akasema naye kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi. "Nakupa mpaka Idi, Mwatima. Wasipokuja kushona nguo za Idi, ujue hawaji tena. Ufunge chumba, turudi nyumbani."

Mwatima alikuwa akiipenda Pemba. Ila kwenda kula kwa wifi yake, hapana, hilo aliliogopa kuliko njaa.

Akawaza usiku na mchana, kisha akapanga jambo. Alichana vitambaa vipande viwili viwili, kombokombo. Nusu moja humpa mteja wake wa zamani, nusu ya pili huitundika ukutani kwa pini. Mteja akampe nusu yake shoga ambaye hajapata kushona hapa. Shoga akija nayo, Mwatima ataioanisha na ya ukutani, ajue nani kamleta. Akishachukua nguo yake na kulipa, ndipo yeye na aliyemleta kila mmoja apate thumni. Kabla ya hapo hapana kitu, maana kuna watu wa kupimwa tu wasirudi.

Basi Ramadhani ikaandama, na ukuta ukabaki na nusu zake. Hata mmoja hakuja!

Siku moja aliingia Kazija, mteja wake wa tangu zamani, akaiweka nusu yake juu ya cherehani.

"Shoga, chukua kitambaa chako."

"Kina nini?"

"Nimpeleke mwenzangu kwako, nipewe thumni? Wallahi watasema nimemuuza! Mimi dalali?"

Mwatima aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mselem alikuwa akileta watu bure, kwa mapenzi, naye leo kayageuza mapenzi kuwa ujira. Akauliza, "Na kama ingekuwa sare?"

"Sare ipi?"

"Kilemba chako na chake, kitambaa kimoja, ua moja. Nawapa pamoja, siku anayochukua nguo. Mvae Idi."

Kazija alicheka. "Hapo sasa umesema!" Akairudisha nusu yake kifuani.

Mwatima alinunua bafta ya bei nafuu, akaikata vilemba, akavitarizi mwenyewe baada ya kufuturu. Gharama ya viwili haikula hata robo ya faida ya gauni moja. Kazija alimleta jirani yake Semeni, na Semeni naye akapewa nusu yake akaenda kumwita mwingine. Wanawake walikuja wawili wawili, na cherehani haikupoa.

Mkesha wa Idi, Massoud alikuwa amerudi kumchukua dada yake, amekaa barazani, mfuko wake wa safari miguuni. Ndani, Kazija na Semeni walikuwa wakifungana vilemba vyao. Benedikta, mke wa dereva wa lori la shamba la katani, alikuja kuchukua gauni la binti yake la kipaimara. Akawatazama.

"Na mimi sipati, mama?"

"Nani kakuleta? Hukuja na nusu."

"Mume wako."

Kazija aliiachia ncha ya kilemba cha Semeni.

"Mwaka jana, bandarini," Benedikta alisema. "Alinishika mkono, akaniambia binti akifika wakati wa kipaimara nimlete kwa mkewe. Nikaja, nikakuta umefunga. Nikaambiwa uko edani. Basi nikangoja."

"Ulingoja?"

"Nilikwishamwahidi, mama. Na wenzangu wa kambi ya shamba wameliona gauni la mwanangu siku ile ya kujaribu. Watakuja."

Mwatima alichukua vilemba viwili. Kimoja akampa Benedikta. Cha pili alikishika, maana aliyemleta naye ana haki yake. Kisha akajifunga mwenyewe kichwani, machozi yakimtoka mbele ya watu wote.

"Hiki cha Mselem," alisema.

Massoud alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama ukuta, akamtazama dada yake na kilemba chake, akaokota mfuko.

"Nitawasalimu nyumbani," alisema, akatoka peke yake.